Niliomba radhi mara nne, nikajibiwa "usijali"

Jumamosi ya Julai 12, 2025, saa mbili usiku kasoro, dereva wetu alinipigia simu kutoka KIA. Hakusalimia. "Dada, uliniambia wageni sita. Hapa wamesimama wanane na masanduku yao."

Nilikuwa nyumbani Majengo, Moshi, nasonga ugali. Nilizima jiko nikakaa chini. Wageni wale walikuwa wanaanza kupanda Mlima Kilimanjaro Jumatatu asubuhi kwa njia ya Machame, na kila kitu kilikuwa kimeandaliwa kwa watu sita: mahema, chakula, wapagazi, hata Kruza iliyokwenda kuwapokea.

Asiyefanya kazi hizi anaweza kudhani wageni wawili wakiongezeka ni sahani mbili tu. Sisi huhesabu wapagazi watatu hadi wanne kwa kila mgeni, kwa hiyo usiku ule nilikuwa natafuta vijana saba pamoja na mwongozaji msaidizi mmoja. Kulikuwa pia na hema, magodoro mawili, mifuko miwili ya kulalia, na teksi ya kuwatoa wale wawili uwanja wa ndege. Jumapili nilishinda kati ya soko la Mbuyuni na nyumba za watu wanaokodisha vifaa, nikilipa bei ya mtu aliyebanwa. Ukimwambia mwenye hema kwamba unalitaka kesho alfajiri, umeshampa ruhusa ya kutaja bei anayoitaka. Jumla ilikuja shilingi 415,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na 150,000 kati ya hizo zilikatwa kwenye mshahara wangu wa Julai.

Kilichonikata maini ni kwamba nilikuwa nimeuliza idadi. Ofisi yetu Moshi inaendesha safari, na wageni wengi tunaletewa na ofisi nyingine ya Arusha inayowauza. Oda ya kwanza ilisema sita, lakini nilikuwa nimesikia kuna watu wanaongezeka. Jumanne, Julai 8, siku moja baada ya sikukuu ya Sabasaba, nilimwandikia kaka wa mauzo kule Arusha. Barua hiyo bado ninayo. Kichwa chake kilikuwa neno moja, "Samahani", na yenyewe ilisema hivi:

> Shikamoo kaka, habari za huko. Samahani sana kwa kukusumbua, najua kipindi hiki una kazi nyingi. Samahani pia kwa kuandika tena baada ya ile ya wiki iliyopita. Nilikuwa naomba kuuliza tu, kama hutojali, kama ingewezekana kupata majina ya wale wageni wa Machame wa tarehe 14, au kama bado basi hata idadi tu, ili tujue tunajipangaje huku. Kama haitawezekana kwa sasa hakuna shida, naelewa. Samahani tena kwa usumbufu, na uniwie radhi kama nimekosea popote. Asante sana, Mungu akubariki.

Baada ya dakika ishirini alijibu: "Usijali kabisa mdogo wangu, hakuna shida. Siku njema."

Nitakiri jambo la aibu. Nilipolisoma jibu lile nilifurahi. Roho ilitulia kabisa, nikafunga barua nikaendelea na kazi nyingine. Sikugundua kwamba sijapewa jina hata moja wala idadi. Nilipompigia Jumapili, naye alishangaa kwa dhati. Alikuwa ameifungua barua kwenye simu akiwa njiani, akaona "samahani" juu, "samahani" mstari wa kwanza na "samahani" wa pili, akajua kuna kitu tumechelewesha Moshi na mimi naomba msamaha. Akanisamehe. Swali lenyewe lilikuwa limezama katikati, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kwamba asipojibu hakuna shida.

Kwa hasira nikakosea upande wa pili. Kikundi kilichofuata kilikuwa cha Julai 28, nami nikaandika: "Nahitaji majina ya wageni wa tarehe 28 kabla ya kesho saa sita. Msipotuma, hatutahusika na lolote." Hakuna salamu, hakuna tafadhali. Nilijiona nimekuwa jasiri. Majina yalikuja, lakini hayakuja kwangu. Yule kaka alimpigia bosi wangu, akamuuliza kama siku hizi Moshi wanaajiri askari mgambo. Bosi akaniita, akafunga mlango, na yaliyosemwa mle ndani nayaacha mle ndani.

Aliyenitoa shimoni ni mama wa hesabu, mzaliwa wa Marangu, ambaye ameandikiana na mabenki na wadaiwa kwa miaka mingi kuliko niliyokaa kazini. Mchana mmoja, tukiwa na bakuli zetu za mtori, nilimwonyesha barua zote mbili. Ile ya pili aliitupia jicho akasema, "Hii ni hasira, itapita." Ile ya kwanza aliiomba kwenye karatasi. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia kila "samahani" ya ndani pamoja na ile "uniwie radhi", na kwenye kila duara akaniuliza swali moja: hapa ulikosa nini?

Duara la kwanza, nilimsumbua. "Kumuuliza mtu wa mauzo idadi ya wageni aliowauza ni kumsumbua, au ndiyo kazi yake?" Nikanyamaza. Duara la pili, niliandika mara ya pili. "Kwa nini uliandika mara ya pili?" Kwa sababu hakujibu ya kwanza. "Sasa hapo wa kuomba radhi ni nani?" Tulipofika la nne, lile la "kama nimekosea popote", aliweka kalamu chini akacheka. "Hili ni la kosa ambalo hata wewe hulijui. Unamkopesha mtu sababu ya kukulaumu."

Halafu akaniuliza, "Kwenu mkikosana na jirani mnampelekea nini?" Mimi ni Mchaga wa Kibosho, jibu nalijua tangu utoto: isale. Wasiojua, ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba. Anayekuomba radhi kwa isale si rahisi umkatalie. "Ukienda kuomba chumvi kwa jirani unabeba isale?" Sibebi. "Wewe umempelekea isale mara nne kwa barua moja. Mtu akiletewa isale anafanya nini? Anasamehe. Naye kakusamehe, akarudi kwenye shughuli zake. Ulitaka nini tena?"

Siku ile ndipo nilipoielewa "usijali" ya Julai 8. Mtu akiombwa radhi, wajibu unaomjia kichwani ni kukutuliza. Akishakutuliza anajiona amemaliza deni lake kwako. Hakukusudia kunipuuza, alijibu kile nilichomletea.

Nadhani shida yetu wengi inaanzia kwenye kuongea. Samahani ya mdomoni mara nyingi si toba. Ni kama hodi. Unaisema ukitaka kupita kwenye daladala, ukimwita mhudumu, ukimsimamisha mpita njia umuulize njia. Inatoka pamoja na tabasamu, na anayeisikia anajua ni mlango wa mazungumzo. Kwenye barua uso haupo. Linabaki neno tupu, na neno hilo limeandikwa na mtu mwenye kosa. Ukitaka hodi ya maandishi, salamu inatosha. Shikamoo yangu mama wa hesabu hakuigusa, kwa sababu yule kaka ni mkubwa kwangu, na kumwamkia hakunipunguzii chochote.

Baada ya samahani alishuka kwenye maneno madogo, na hayo ndiyo niliyokuwa siyaoni kabisa. Kwanza "tu": kuuliza tu, idadi tu. Ukisema unaomba "idadi tu" umeshamwambia kwamba idadi ni kitu kidogo, wakati idadi ndiyo iliyonila laki moja na nusu. Ndugu zake "tu" ni "kidogo", kama kwenye "nina swali kidogo", na vile vijineno vya "kaswali" na "kaombi". Kisha ile "nilikuwa naomba". Ulikuwa unaomba lini? Sasa huombi tena? Na "ingewezekana" inaliweka ombi kwenye nchi ya mambo yasiyotokea, kama "ningekuwa tajiri". Alihesabu "kama" tano kwenye barua fupi vile, na kila moja, alisema, ni mlango wa kutokea niliomfungulia mwenzangu.

Nilimwambia naogopa kuonekana sina adabu, hasa baada ya yale ya askari mgambo. Alichonijibu ndicho ninachokitumia mpaka leo. Kwa Kiswahili adabu tayari imo ndani ya "naomba". "Tuma majina" ni amri. "Nahitaji majina" haina amri, lakini inamtazama mtu kama kabati la vifaa. "Naomba unitumie majina" ina heshima kamili na haina hata chembe ya woga. Ukiongeza "samahani" mbele na "kama hutojali" nyuma, heshima haiongezeki. Kinachoongezeka ni wasiwasi, na msomaji anaunusa.

Kikundi kilichofuata kilikuwa cha njia ya Lemosho, Agosti 11, Jumatatu. Ijumaa yake, Agosti 8, ni Nanenane, sikukuu. Tuliiandika barua pamoja, na kichwa chake kilitumia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mama wa hesabu alichukua simu yangu akanionyesha orodha ya barua zilizoingia: kwa kila moja kinaonekana kichwa na maneno machache ya mwanzo, basi. "Mtu yuko Arusha kwenye foleni ya magari pale Kilombero, anaona hiki tu. Kitu unachotaka na siku unayokitaka viwe hapa." Tukaandika: "Majina ya wageni wa Lemosho, Agosti 11: naomba kufikia Alhamisi, Agosti 7, saa 6 mchana". Ni kirefu, sawa, lakini hata asiyeifungua barua ameshajua anadaiwa nini. Ndani tukaandika:

> Shikamoo kaka,
>
> Naomba unitumie idadi, majina kamili na namba za pasipoti za wageni wa Lemosho wanaoanza kupanda Jumatatu, Agosti 11. Naomba zinifikie kufikia Alhamisi, Agosti 7, saa 6 mchana, kwa sababu Ijumaa ni Nanenane na nataka malipo ya hifadhi yawe yamekamilika kabla ya sikukuu.
>
> Ikiwa kuna ambao hawajathibitisha, nitumie orodha iliyopo na uniandikie ni wangapi bado. Nisipopata orodha kufikia muda huo, nitaandaa kwa watu sita kama ilivyo kwenye oda, na gharama ya vifaa vya watakaoongezeka itaingia kwenye ankara ya kikundi.
>
> Nitakupigia Alhamisi saa 4 asubuhi tumalizie yaliyobaki. Asante kwa kutuma mapema orodha ya wasiokula nyama. Mpishi ameshaanza manunuzi.

Sentensi ya ankara ilinitetemesha. Nilitaka kuilainisha kwa "tutasikitika kulazimika" na maneno ya namna hiyo. Mama wa hesabu alikataa, ila alinituma kwanza kwa bosi nikaulize kama kweli tutatoza. Hapo pana jambo nimeliona likiwaangusha watu: wanaandika matokeo ambayo hawana mamlaka nayo, na siku ikifika hakuna kinachotokea. Tofauti ya sentensi ile na "hatutahusika na lolote" yangu ya Julai ni kwamba hii inasema mimi nitafanya nini, kwa kitu ambacho bosi amekikubali. Ile nyingine ilikuwa inanawa mikono tu.

Na sababu ya Nanenane si pambo. Nilipokuwa naomba radhi sikuwahi kutoa sababu, kwa kuwa nafasi yote ilikuwa imejaa samahani. Mtu akijua kwa nini Alhamisi na si Ijumaa, haioni tarehe yako kama ubabe. Ile asante ya mwisho nayo ilikuwa ya kweli. Orodha ya chakula alikuwa ameituma wiki nzima kabla. Asingeituma, nisingeiandika. Kumshukuru mtu kwa uvumilivu ambao hajaulizwa kama anao ni samahani iliyovaa nguo nyingine.

Jibu lilikuja Jumatano jioni, siku moja kabla. Halikuwa na "usijali" wala "mdogo wangu". Lilisema: "Wageni 7, orodha hii hapa. Wa nane atajibu kesho asubuhi, nitakwambia ukinipigia." Nilimpigia saa nne kama nilivyoahidi, na wa nane alikuwa ameahirisha. Simu ilichukua dakika mbili. Tulijikuta tunaulizana habari za nyumbani, jambo ambalo katika wiki zote za kuomba radhi hatujawahi kulifanya.

Nisije nikaeleweka kwamba nimeacha kuomba radhi. Septemba nilikosea mimi, na hapakuwa na wa kusingizia. Ratiba ya wageni ilikuwa imeandikwa kwa saa za kizungu, kuchukuliwa hotelini Arusha 8:00. Nikainakili kwenye karatasi ya dereva kama "saa 8". Dereva ni Mswahili. Saa 8 kwake ni saa nane mchana, akala chai yake taratibu Moshi. Wageni walikuwa wamekaa juu ya mabegi tangu saa mbili asubuhi. Nilipigiwa saa tatu. Kwanza nilimpigia dereva aondoke, ndipo nikaandika:

> Shikamoo kaka,
>
> Gari la wageni wa leo halikufika saa 2 asubuhi kwa sababu mimi nilimwandikia dereva saa 8. Kosa ni langu, si lake. Naomba radhi kwako na kwa wageni.
>
> Dereva ameondoka Moshi saa 3 na dakika 10, atakuwa hotelini kabla ya saa 5 na nusu. Vinywaji na vitafunio vya wageni wakati wa kusubiri tutalipa sisi. Kuanzia leo karatasi za madereva naziandika saa zote mbili, kwa mfano "saa 2 asubuhi, 08:00".

Radhi ni moja, na ina kosa lake pembeni. Sikuandika "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", maneno yanayofanya usumbufu uonekane umejitokeza wenyewe kama mvua. Kama ningekuwa bado naomba radhi kwa kila salamu, siku ile nisingekuwa na neno lolote lililobaki la kumwambia kwamba safari hii nina kosa kweli. Alijibu, "Nimewaambia wageni. Asante kwa kuwa wazi." Nilimlipia dereva chakula cha mchana, maana yeye ndiye aliyenuniwa njia nzima hadi lango la Londorosi.

Mazoea hayajafa. Mpaka leo nikiandika haraka vidole vinaanza na "sam". Kwa hiyo barua yoyote yenye uzito, kabla sijaituma, nabonyeza `Ctrl+F`, naandika `samaha`, halafu natafuta tena kwa `radhi`. Kila linapotokea najiuliza lile swali la kalamu nyekundu. Nikiweza kulitaja kosa, neno linabaki na kosa linaandikwa. Nisipoweza, nalifuta, na mara nyingi nagundua sentensi nzima iliyobaki haina kazi. Nikiona nimeandika barua ya tatu kwa jambo lilelile, naacha kuandika, napiga simu.

Mwezi uliofuata, siku moja asubuhi, nilikuta barua kutoka Arusha, kichwa chake: "Samahani". Ilikuwa ndefu. Samahani mdogo wangu, tumeelemewa, samahani tena, najua mlitaka majina jana, uniwie radhi, na kadhalika hadi chini. Majina hayakuwemo. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika "Usijali kaka, hakuna sh". Nikafuta, nikamwamkia, nikaandika: "Pole na kazi. Naomba idadi sasa hivi, majina yafuate kufikia saa 9 alasiri. Ni wangapi?"

Baada ya dakika mbili akajibu: "Watano."